Saa mkono wa kulia: Nani kasema inakosea?

Wiki hii nina ugomvi na watu wanaowasakama mashoto. Tena si ugomvi wa kula wala kuandika, huo tuuache. Huu ni wa saa ya mkononi. Utamkuta mshkaji kapiga pamba zake safi, saa iko mkono wa kulia, mara anatokea mtu na hekima zake: "We bwana, saa haivaliwi huko, itakosea majira!" Eti saa inajua kulia na kushoto!

Huku kwetu Kibondo maneno haya nimeyasikia mpaka basi, na nimeona yakimsumbua binamu yangu mmoja ambaye ni shoto wa kuzaliwa. Kwa hiyo leo tunalimaliza. Je, saa ya kawaida ikivaliwa mkono wa kulia inakaa vizuri? Na je, inashika majira?

Kabla hatujafika mbali, tuelewane jambo moja, maana sisi Waswahili tuna saa zetu. Nikisema "namba 3", nazungumzia namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa. Sisemi saa tatu yetu ya asubuhi, ambayo mshale mfupi huwa uko kwenye 9. Leo tunasoma namba kama zilivyochorwa. Na nikisema "ufunguo", nina maana ya kile kinundu cha pembeni ambacho unakizungusha kutia saa ufunguo, au unakivuta kurekebisha mishale. Kwenye saa nyingi kipo kwenye namba 3.

Kwa nini kiwekwe pale? Kwa sababu waliozitengeneza walimfikiria mtu wa mkono wa kulia. Huyo anavaa saa kushoto, halafu mkono wake wa kulia unaletwa mbele na vidole viwili vinaukuta ufunguo uko tayari upande wa kiganja. Shoto hakufikiriwa kabisa. Lakini sikiliza uhondo: katika kutofikiriwa huko, kuna mahali amepata faida ya bure.

Chukua saa yako sasa hivi ufanye jaribio. Ivae mkono wa kushoto, kisha weka kiganja mezani na uegemee kama mtu anayetaka kupiga pushapu. Ufunguo unakuchoma nyuma ya mkono, si ndiyo? Wenye saa kubwa wanaijua hiyo alama nyekundu inayobaki kwenye ngozi. Haya, ihamishie mkono wa kulia na urudie. Kimya! Ufunguo sasa umeelekea kwenye kiwiko, na upande ulioelekea kiganja ni wa namba 9, ambao hauna kitu. Unakunja mkono unavyotaka na hakuna kinachokuchoma.

Wako watu wa mkono wa kulia kabisa wanaotafuta saa yenye ufunguo upande wa namba 9 ili waivae kushoto bila kuchomwa. Shoto anaipata raha hiyo kwa saa ya kawaida tu, bila kuongeza hata senti. Tena wakati wa kuandika, mkono wake wa kushoto unakwenda mezani ukiwa mwepesi, na saa imetulia kwenye mkono usiofanya kazi hiyo.

Raha hiyo ina vijikasoro vyake viwili, sitaki kuwaficha. Cha kwanza ni nguo. Kibondo asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi lake mnalijua, na sweta hapa si urembo. Ufunguo ulioelekea kiwiko ndio unaokutana na pindo la sweta. Pindo likiwa la kubana linaweza kuunasa na kuuvuta nje kidogo kidogo. Ufunguo ukiwa nje, saa nyingine zinasimama, na nyingine mishale inasogezwa bila wewe kujua, huku vumbi letu jekundu la kiangazi likipata mlango. Dalili yake ni rahisi: tazama kati ya ufunguo na mwili wa saa. Ukiona mwanya unaoweza kuingiza ukucha, usukume ndani taratibu mpaka usikie umeingia.

Kasoro ya pili ndiyo yenye madhara, nayo ni namna ya kutia ufunguo. Hapo ndipo binamu yangu anapoingia.

Binamu ni seremala. Mbao za mninga anazipiga randa kwa mkono wa kushoto, na nyundo anaishika kwa mkono huohuo. Saa aliyonayo ni ya marehemu baba yake, ya zamani, isiyotumia betri, ya kutia ufunguo kila siku. Anaipenda kuliko simu yake. Anaivaa mkono wa kulia, na ana haki. Akiivaa kushoto, kila nyundo inapotua mtikisiko unakwenda moja kwa moja kwenye mtambo, na ncha za mhimili wa kile kigurudumu cha ndani ni nyembamba kama unywele. Saa nyingi za umri ule hazina kinga ya mtikisiko. Pigo moja baya, ncha imevunjika, na kipuri cha kuipata leo ni kazi.

Tatizo ni kwamba saa ilikuwa inachelewa dakika 5 kwa wiki. Mjomba mmoja akatoa hukumu: "Nilikwambia, mwanangu. Hiyo saa ya baba yako imekataa mkono wa kulia. Ihamishe au mpe mdogo wako anayejua kuvaa." Unaona mambo hayo? Saa ya urithi inataka kuhama kwa sababu ya dakika 5!

Mimi nikasema ngoja kwanza, tuichunguze. Nikamwomba binamu atie ufunguo mbele yangu. Akafanya kama afanyavyo kila asubuhi: saa ikiwa mkononi. Sasa fikiria mwenyewe. Saa iko mkono wa kulia, ufunguo umeelekea kiwiko, na mkono wa kushoto inabidi ujikunje juu ya saa ili uufikie kwa nyuma. Vidole vinaushika kwa pembeni, vinauvuta upande, na baada ya kuzungusha mara nane au tisa vinachoka. Akaachia. "Tayari," akasema.

Tayari wapi! Saa ile ilikuwa haijashiba hata nusu. Tulipoivua na kuitia vizuri ilikula mizunguko mingine karibu ishirini ya vidole ndipo ikagoma. Saa yenye njaa kigurudumu chake kinacheza kwa uvivu, na kikicheza kwa uvivu kila kasoro ndogo inakuwa kubwa. Pia ule mtindo wa kuvuta ufunguo kwa pembeni unapinda kijiti chembamba kinachoingia ndani. Ukitaka kujua kama cha kwako kimepinda, zungusha ufunguo ukiutazama kwa mbele. Ukiona unapanda na kushuka badala ya kuzunguka mahali pamoja, mpelekee fundi kabla hakijakatika.

Kwa hiyo ndugu yangu shoto, saa ya kutia ufunguo ivue. Ishike kwa mkono wa kulia, uso ukikutazama, kisha igeuze kichwa chini ili namba 12 iwe upande wako. Sasa ufunguo uko kushoto, na mkono wako wenye nguvu umeufikia bila mateso. Usichanganyikiwe uzungushe upande gani, kanuni ni moja: upande wa juu wa ufunguo, ule unaouona ukitazama uso wa saa, unakwenda kuelekea namba 12. Ukirudisha nyuma utasikia vitiki tu, hakuna kinachoharibika. Endelea mpaka ufunguo uwe mgumu, hapo simama. Usilazimishe.

Binamu akafanya hivyo wiki nzima, kila asubuhi saa 12. Ile dakika 5 ikashuka mpaka sekunde 49 kwa wiki, yaani sekunde 7 kwa siku. Mkono ni uleule wa kulia! Kilichobadilika ni ufunguo kushiba.

Lakini zile sekunde 7 zilinikera. Zinatoka wapi? Hapa sasa mjomba alikuwa na chembe ya ukweli bila kuijua, na ni vizuri tumtendee haki.

Geuza baiskeli kichwa chini, uzungushe gurudumu la mbele uliache litulie lenyewe. Mara nyingi utaona sehemu fulani inapenda kuishia chini, kwa kawaida palipo na valvu, kwa sababu ni pazito kidogo. Ndani ya saa ya ufunguo kuna kigurudumu kinachocheza kwenda na kurudi, kwenye nyingi za zamani mara 5 kwa sekunde, na hicho ndicho kinachohesabu majira. Nacho hakikosi mahali pazito, hata kama ni uzito wa punje ya vumbi. Saa ikilala chali uzito huo hausumbui. Ikisimama wima, uzito unavutwa chini, na kulingana na upande uliosimamia, saa inakimbia kidogo au inachelewa kidogo.

Sasa ning'iniza mikono yako yote miwili kama unatembea barabarani. Saa iliyo mkono wa kushoto, ufunguo unatazama chini. Iliyo mkono wa kulia, ufunguo unatazama juu. Umeiona siri hiyo? Saa haijui kulia wala kushoto, inajua chini ni wapi. Na fundi anayerekebisha saa akimfikiria mvaaji wa kushoto, ataangalia zaidi inavyokwenda ufunguo ukiwa chini.

Tukaipima saa ya binamu. Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani bila kifaa chochote zaidi ya simu inayochukua majira kutoka kwenye mtandao. Unatia ufunguo mpaka mwisho, unailinganisha na simu, unaiweka kwa mkao mmoja saa 24, halafu unaandika tofauti. Kesho yake unatia tena ufunguo mpaka mwisho na kubadili mkao. Kuisimamisha tuliiegemeza ndani ya kikombe chenye kitambaa.

Ikilala chali iliwahi sekunde 4. Ikisimama ufunguo chini, namba 9 ikiwa juu, iliwahi sekunde 6. Ikisimama ufunguo juu ilichelewa sekunde 16. Si umeona? Saa ilikuwa imerekebishwa vizuri kabisa kwa mtu anayevaa kushoto. Marehemu hakuwa shoto. Kwenye mkono wa kulia, mchana kutwa ufunguo ukiwa mara juu, mara saa imelala juu ya benchi la kazi, ilipoteza kama sekunde 8. Usiku ikilala chali ilirudisha moja na ushee. Ukitoa hesabu unazikuta zilezile 7.

Tukaenda kwa fundi saa sokoni, mzee mmoja mwenye lenzi yake jichoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Ina nini?"

Binamu akaeleza. Mzee hakuifungua kwanza, akauliza swali moja tu: "Unaivaa mkono gani?" Aliposikia wa kulia, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu. Nikampa karatasi yetu ya vipimo. Akacheka, akasema siku hizi vijana wanamletea saa wakisema "imekufa", hakuna anayeleta karatasi.

Akafungua mgongo. Ndani, karibu na kile kigurudumu, kuna kijiti kidogo chenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili. Kwenye saa nyingine ni herufi, F ya kuwahi na S ya kuchelewa. Akakisogeza unywele mmoja upande wa kuwahi. Hakubadilisha kipuri, hakugusa kitu kingine. Lengo ni kuongeza sekunde 7 kwa siku.

Baada ya siku saba za kuvaliwa mkono wa kulia, nyundo ikiendelea kushoto, saa ya marehemu ilitofautiana na simu kwa pungufu ya sekunde 10. Hiyo ni kwa wiki nzima! Sasa kichekesho ni kwamba mjomba akiiazima akaivaa kushoto kwake, kwa hesabu zetu itakuwa inakimbia kama sekunde 12 kila siku. Atasema saa imemkataa yeye.

Msije mkadhani kila saa inahitaji safari hii. Kama saa yako ni ya betri, iwe ya mishale au ya namba, mkono hauna habari kabisa. Ndani yake kuna kipande cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kukigeuza juu chini si kitu kwake. Nyingi zinatofautiana sekunde 15 mpaka 30 kwa mwezi, kulia au kushoto. Ikikosea zaidi ya hapo, tazama betri, usitazame mkono.

Na zile Seiko 5 ambazo wazee wetu wamezivaa sana? Hizo zinajitia ufunguo zenyewe mkono unapotikisika, na mtambo wao unakubali mzunguko wa pande zote mbili. Kulia zinashiba kama kushoto. Nyingi ufunguo wake uko kwenye namba 4, umezama mwilini, kwa hiyo hata sweta haliupati kirahisi. Shoto asiyetaka usumbufu, hiyo ni saa yake. Ila nayo ni ya kigurudumu, hivyo habari ya ufunguo juu na ufunguo chini inaihusu.

Wapo watakaoniuliza: je, si zipo saa za mashoto kabisa? Zipo. Tudor walitoa Pelagos LHD mwaka 2016, ufunguo upande wa kushoto. Rolex nao mwaka 2022 wakatoa GMT-Master II yenye ufunguo kwenye namba 9. Ukiivaa saa ya namna hiyo kulia, ufunguo unaelekea kiganja, unautia bila kuivua, na mkono ukining'inia ufunguo unakuwa chini kama kwa watu wa kushoto. Lakini kumbuka, na ile alama nyekundu nyuma ya mkono unaipata kama wao. Hakuna cha bure mjini. Na si kila ufunguo wa kushoto ulimlenga shoto. Heuer Monaco ya mwaka 1969 ufunguo wake ulikuwa kushoto, na watengenezaji wakaugeuza kuwa tangazo: saa inajitia yenyewe, ufunguo hauna kazi kubwa tena.

Bei za saa hizo ni za kujengea nyumba, mimi na wewe tuziache kwenye vioo vya maduka ya Ulaya. Ukiwa na saa ya ufunguo na uko upande wetu wa mashoto, yako ni haya: ivue wakati wa kuitia, ishibishe mpaka mwisho, andika vipimo vya mikao mitatu, halafu mwambie fundi wazi kwamba wewe unaivaa kulia. Asipokuuliza, mwambie. Akikucheka, badili fundi.

Na yule atakayekwambia uihamishe, muulize tu: saa yangu na simu yako zinapishana sekunde ngapi? Akishindwa kujibu, mpungie mkono. Wa kulia, wenye saa.

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Poa!